Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya pilau na wali wa nazi: kisa cha mama wa Mikindani

Mama mmoja wa Mikindani, miaka 41, mwenye watoto wanne, alifika kliniki yetu Mtwara mjini Jumatatu asubuhi akiwa hana maumivu hata kidogo. (Baadhi ya mambo yake nimeyabadili asitambulike.) Naanza na kutoumwa kwake kwa sababu ndiko kulikomchelewesha. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akishikwa na maumivu makali jioni au usiku, anajikunja kitandani hadi yanapoachia, kisha asubuhi akifika zahanati tumbo limetulia, ukilibonyeza haliumi. Kila mara alirudi nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. Omeprazoli alishaitumia mara kadhaa, dozi ya wiki mbili ya kuua bakteria wa tumboni alishaimaliza, na chupa ya magnesiamu ya maji haikosekani karibu na kitanda. Mama yake mzazi aliamini ni chango, akawa anamchemshia mizizi. Kila dawa ilionekana kusaidia kidogo, na hilo si ajabu: maumivu yanayoisha yenyewe baada ya saa chache yataipa sifa dawa yoyote iliyomezwa katikati yake.

Nilimuuliza mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Ijumaa, dokta. Tulikuwa na hitma kwa kaka yangu. Nimekula pilau la mbuzi saa nane mchana, saa kumi kasoro ndiyo yakaanza."

"Yalianzia wapi, mama?"

Aliweka kiganja kizima juu ya chembe cha moyo, akakivuta polepole mpaka chini ya mbavu za kulia, halafu akapeleka mkono nyuma ya mgongo akijaribu kufika chini ya bapa la bega la kulia. Mkono haukufika, akasema, "Hapo ninapotaka kufika, ndipo hapo." Yalipanda kwa muda wa kama nusu saa, yakakaa juu bila kushuka, akatapika mara mbili, na kutapika hakukumpa nafuu. Alilala chali, akalala ubavu, akainama, akatembea uani. Hakuna mkao uliosaidia. Saa mbili usiku yakaachia, akaomba chai.

Mgonjwa akikueleza hivi, umeshapata zaidi ya nusu ya jibu kabla ya kipimo chochote. Maumivu ya vidonda vya tumbo kwa kawaida huunguza, humrudia mtu karibu kila siku kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hubadilika akila au akimeza dawa ya kupunguza asidi. Haya ya mama huyu yalikuja kama tukio lenye mwanzo na mwisho: saa nne za mateso, kisha wiki mbili au tatu anakula, anafanya kazi, anasahau. Ndivyo yalivyo maumivu ya mawe kwenye mfuko wa nyongo: hudumu angalau nusu saa, kwa kawaida hayazidi saa tano au sita, na yakishafika juu hutulia hapo hapo juu. Watu huyaita msokoto, lakini mengi hayaji na kuondoka kama tumbo la kuhara, yanakaa.

Nikamwomba anitajie vyakula. Samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo havikumdhuru. Kisamvu kilichoungwa kwa tui zito na karanga kilimdhuru mara mbili, wali wa nazi na kuku wa kukaanga mara moja, na msimu wa korosho alipokula za kukaanga akiwa kwenye kubangua, usiku wake haukulalika. Lakini kuna usiku mwingine aliamshwa saa saba, na jioni ile alikuwa amekunywa uji tu. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wakisikia kwamba mafuta huamsha maumivu haya, huamini kwamba pasipo mafuta hayaji. Huja. Mafuta ni kichocheo kikubwa, ila si pekee, na mashambulizi ya usiku wa manane ni ya kawaida sana.

Kwa nini mafuta? Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, karibu nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu yake huingia kwenye mfuko mdogo uliolala chini ya ini, ambao hubeba mililita 30 hadi 50 tu, na humo maji yanafyonzwa hadi nyongo inakuwa nzito. Mafuta ya chakula yakitoka tumboni na kugusa mwanzo wa utumbo mwembamba, kuta za utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo husafiri kwa damu mpaka kwenye mfuko wa nyongo na kuuamuru ujikamue, ili nyongo ishuke ikayeyushe mafuta. Kwa mtu asiye na mawe hasikii chochote. Kwa mwenye mawe, mfuko ukijikamua husukuma jiwe hadi kwenye shingo yake, mahali penye njia ya milimita chache, na jiwe hukaa pale kama kokoto kwenye mdomo wa chupa iliyopinduliwa. Mfuko unaendelea kukamua, nyongo haitoki, shinikizo ndani linapanda, ukuta unavutika. Maumivu yenyewe ni huo ukuta unaovutika. Homoni ikipungua, mfuko unalegea, jiwe linarudi ndani, na maumivu yanaisha kama alivyosimulia, karibu ghafla.

Hilo linaeleza pia saa zake. Chakula chenye mafuta mengi hukawia tumboni na kushuka utumboni kidogo kidogo, ndiyo maana pilau la saa nane lilimshika karibu saa kumi. Na linaeleza safari ya kiganja chake. Neva zinazotoka kwenye mfuko wa nyongo huingia uti wa mgongo kwenye ngazi zile zile zinazopokea habari za chembe cha moyo na za mgongo wa juu upande wa kulia, na ubongo hauwezi kutofautisha vizuri habari imetoka wapi. Kwa hiyo maumivu huanza katikati, yasiyoeleweka vizuri yako wapi, na kumpeleka mtu na daktari wake moja kwa moja kwenye vidonda vya tumbo.

Nilipompima, joto lilikuwa la kawaida, macho meupe, mkojo wake hakuwahi kuuona ukibadilika rangi. Uzito kilo 84, urefu mita 1.58. Niliweka vidole chini ya mbavu za kulia nikamwomba avute pumzi ndefu; akavuta hadi mwisho bila kushtuka. Kama mfuko umevimba, ini hushuka na pumzi, mfuko unakutana na vidole, na mgonjwa hukatisha pumzi katikati. Yeye hakukatisha. Damu yake ilionyesha chembe nyeupe za kawaida, vipimo vya ini vya kawaida, na hana selimundu. Selimundu niliiulizia makusudi. Mwenye ugonjwa huo huvunja chembe nyekundu nyingi kuliko wengine, rangi ya bilirubini hujaa kwenye nyongo, na mawe meusi hujitengeneza hata kwa mtoto wa shule. Mtoto mwenye selimundu anayelalamika mbavu za kulia baada ya kula hapaswi kuhesabiwa moja kwa moja kwamba ana maumivu yake ya siku zote.

Vipimo hivi kuwa safi visimdanganye mtu. Kati ya shambulizi na shambulizi, mwenye mawe kwenye mfuko anaweza kuwa na damu nzuri kabisa na tumbo laini. Kinachoyaonyesha ni altrasaundi, na ifanyike mgonjwa akiwa amefunga saa sita hadi nane, kwa sababu mfuko uliojikamua baada ya chai na maandazi hunywea na mawe hujificha kwenye mikunjo yake. Picha ya eksirei ya kawaida huyakosa mawe mengi. Mama alikuja kesho yake bila kunywa hata chai. Kwenye skrini zilionekana alama tatu nyeupe zenye kung'aa, kubwa lake milimita 14, kila moja ikiwa na kivuli cheusi nyuma yake. Alipogeuzwa ubavu wa kushoto, mawe yakabiringika. Kivuli na kubiringika ndivyo vinavyotofautisha jiwe na uvimbe mdogo ulioota ukutani. Ukuta wa mfuko ulikuwa milimita 2, mrija mkuu wa nyongo milimita 4, vyote kawaida.

Alipoyaona akaniuliza, "Kwa hiyo ni nazi iliyoniletea mawe haya?"

Nilimjibu hapana, na jibu hilo linahitaji maelezo, maana watu wa pwani yetu wakiambiwa nazi imewaamshia maumivu huona nazi ndiyo adui. Nazi iliuamuru mfuko ujikamue. Mawe yalikuwepo miaka kabla. Mawe ya aina yake hutokana na kolestro ambayo ini lenyewe huimwaga kwenye nyongo. Chumvi za nyongo huishikilia isigande; ikizidi uwezo wa chumvi hizo huanza kuwa chembechembe, na mfuko ukiwa mvivu wa kujimwaga, chembechembe hukaa, zikashikana, zikakua taratibu. Mimba huchangia kwa njia mbili kwa pamoja: homoni moja huongeza kolestro kwenye nyongo, nyingine hulegeza mfuko. Yeye alibeba mimba nne, uzito ulipanda baada ya kila moja, na mwaka uliotangulia alijinyima chakula akapungua kilo 13 ndani ya miezi miwili kwa ajili ya harusi ya mwanawe, kisha zikarudi. Kupungua kwa kasi hivyo nako hutengeneza mawe, kwa sababu kolestro inayotoka kwenye mafuta ya mwili hupitia kwenye nyongo, wakati mfuko haupati chakula cha kuuamsha.

Tulikubaliana aondolewe mfuko, akapangiwa tarehe wiki tatu mbele. Alitaka kujua kama kuna kidonge. Kipo, asidi ya ursodeoksikoliki, lakini kinafaa mawe madogo ya kolestro tu, humezwa kwa miezi mingi hadi miaka miwili, na kwa karibu nusu ya wanaofanikiwa mawe hurudi ndani ya miaka mitano. Jiwe la milimita 14 si la kidonge hicho. Na kunywa maji mengi, ambako wengi hushauriana kwa kuchanganya na mawe ya figo, hakuwezi kusukuma kitu huku: maji ya kunywa hupita figoni, hayapiti kwenye mfuko wa nyongo. Wakati akisubiri, apunguze tui zito, vya kukaanga na nyama ya mafuta, asikae na njaa siku nzima, na maumivu yakimshika apate sindano ya diklofenaki miligramu 75 kituoni, maana figo zake ni nzima na hana historia ya kutapika damu.

Siku ya tisa shemeji yake akamtumia ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye simu: nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, nusu kikombe cha maji ya limau, unywe usiku, ulalie ubavu wa kulia, asubuhi mawe yatatoka chooni. Alikunywa saa tatu usiku. Saa tano maumivu yakaanza, na safari hii hayakuachia. Alfajiri alikuwa na homa na kutetemeka. Walipita kwanza zahanati, akapimwa malaria, hana, na yule muuguzi, Mungu amjalie, akawaambia wasirudi nyumbani.

Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu ushauri huo unaenea na una ushahidi unaoonekana kwa macho. Mtu akinywa mafuta na limau kwa wingi hivyo, ni kweli kesho yake hutoa vipande laini vya kijani, vingine vikubwa. Vipande vya namna hiyo vimewahi kupimwa maabara: havikuwa na kolestro, wala bilirubini, wala kalisi. Vilikuwa sabuni. Mafuta yaliyonywewa yalivunjwa na vimeng'enya vya tumboni, yakaungana na madini yaliyomo kwenye maji ya limau, yakaganda njiani utumboni, nyongo ikayapaka rangi. Ukiviweka penye joto hulainika na kuyeyuka, jambo ambalo jiwe la nyongo halifanyi. Mtu akirudi kwenye altrasaundi atayakuta mawe yake yote. Tena huo mkamuo wa nguvu ndio kitu ambacho mwenye mawe hautaki. Siwezi kuthibitisha kwamba lile jiwe lisingekwama usiku ule bila mafuta, lakini nusu kikombe cha mafuta matupu ni amri kubwa kuliko pilau lolote.

Alipolazwa, joto lilikuwa 38.4. Kiganja cha safari hii hakikuzunguka. Alionyesha kwa vidole viwili, chini ya mbavu za kulia, papo hapo. Nilipoweka vidole na kumwomba avute pumzi, alifika katikati akaikata, akaushika mkono wangu. Chembe nyeupe zilikuwa 15,200. Altrasaundi ilionyesha ukuta wa milimita 6, maji membamba kuuzunguka mfuko, na lile jiwe kubwa limekaa shingoni. Akageuzwa, mawili yakabiringika, lenyewe halikusogea.

Tofauti ya siku hizi mbili ndiyo ninayotamani kila mwenye mawe aifahamu. Jiwe likikwama na kurudi, ukuta huvutika na kupona. Jiwe likikwama likabaki, nyongo iliyonaswa huanza kuuchoma ukuta wenyewe, uvimbe huja, damu hupita kwa shida, na bakteria hupata nafasi baadaye. Ndipo maumivu yanahama kutoka katikati na kukaa upande wa kulia, kwa sababu uvimbe sasa unagusa utando unaofunika ukuta wa tumbo, na utando huo unajua mahali ulipoguswa. Maumivu yaliyopita saa sita, homa, na kushindwa kuvuta pumzi ukibonyezwa hapo: huyo hasubiri tarehe yake.

Macho yake yalikuwa bado meupe, na hilo nililitazama mara kwa mara. Jiwe la shingoni halizibi njia ya ini. Ila jiwe dogo linaloponyoka na kuingia mrija mkuu linaweza kuiziba, na hapo macho huwa ya manjano, mkojo wa kahawia iliyokolea, choo cheupe. Likifika chini zaidi laweza kuwasha kongosho. Ndiyo maana mawe madogo mengi hunitia hofu kuliko jiwe moja kubwa, kinyume na wanavyodhani wagonjwa wanaposomewa majibu.

Alizuiwa kula, akawekewa maji ya mshipa, seftriaksoni na metronidazoli, na dawa za maumivu. Zamani wengi walipendelea kumpoza mgonjwa kwa wiki sita ndipo wapasue. Sasa inajulikana kwamba kupasua mapema, siku chache za mwanzo, ni salama na humwepusha na shambulizi lingine akiwa anasubiri. Daktari bingwa alimpasua siku ya pili, kwa mkato chini ya mbavu. Njia ya matundu madogo ingemrudisha nyumbani mapema zaidi, lakini uvimbe ulikuwa mwingi na mkato ulimpa daktari nafasi ya kuona. Kinachoogopwa katika upasuaji huu ni kuukata mrija mkuu wa nyongo ukidhaniwa ni ule wa mfuko, na uvimbe huifanya mirija ishikamane; ndiyo sababu hakuna kitu kinachokatwa mpaka kieleweke kinaelekea wapi. Mawe yalitoka matatu, ya rangi ya manjano ya kahawia, na lile kubwa lilikuwa na upande mmoja uliosuguliwa bapa kwa kugusana na wenzake.

Alitoka siku ya tano. Bila mfuko, nyongo hutiririka utumboni moja kwa moja kutoka kwenye ini, kidogo kidogo siku nzima, na mafuta ya chakula bado yanameng'enywa. Wiki za kwanza alipata choo laini akila tui, kisha kikatulia. Lakini kujaa gesi na kiungulia, alivyokuwa navyo tangu zamani, vimebaki. Nilimwambia hivyo kabla ya upasuaji, kwa sababu hayo hayatokani na mawe, na wapo wanaopasuliwa kwa ajili ya gesi wakabaki nayo.

Dada yake wa Lindi, miaka 46, aliposikia habari hizi akaenda kupimwa mwenyewe. Ana mawe mawili, milimita 8 na 9, na hajawahi kuumwa. Alinipigia akitaka naye apasuliwe haraka. Nilimwambia aache. Kati ya watu watano wenye mawe, wanne hivi hawatapata dalili hata baada ya miaka mingi, na kisu kina hatari zake. Hana selimundu, mawe yake si makubwa kupita milimita 30, ukuta wa mfuko wake haujawa mgumu kwa kalisi. Hakuna sababu ya kumgusa. Nilimtajia atakayoyafuatilia: maumivu ya chembe cha moyo au mbavu za kulia yanayodumu nusu saa au zaidi, macho ya manjano, homa yenye maumivu hayo. Mpaka sasa hajapata hata moja, na wali wa nazi anaula.